Karatasi ileile, ghala tofauti: nani anajikinga na nani anabahatisha bei ya kahawa

*Shikamoo mzee. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo ya kusafirisha kahawa hapa Moshi. Bosi huuza fyucha za New York, yaani mikataba ya kuleta kahawa mwezi wa mbele kwa bei inayokubaliwa leo, na kusema anajikinga. Mdogo wangu naye ananunua na kuuza fyucha hizohizo kwa simu, na nyumbani tunamwita mcheza kamari. Sasa bei imepanda na taarifa ya dalali inaonyesha tumepoteza zaidi ya dola laki mbili. Kama karatasi ni ileile, nani kati yao anajikinga na nani anabahatisha?*

Marahaba. Kwenye taarifa ya dalali jibu hulipati, hata uisome mara ngapi. Mkataba wa kahawa ya arabika wa soko la ICE kule New York, ule unaoonekana kwenye skrini kwa herufi KC, ni mmoja kwa watu wote. Loti moja ni ratili 37,500 za kahawa, sawa na tani 17 hivi. Bei yake hutajwa kwa senti za dola kwa ratili, kwa hiyo senti moja ikipanda au kushuka ni dola 375 kwa loti. Anayeuza anaahidi kuleta kahawa ya kiwango fulani kwenye maghala yaliyoidhinishwa Marekani au Ulaya katika mwezi uliotajwa, na kahawa ya Tanzania, Kenya na Uganda hupokelewa huko bila makato ya bei. Ila wengi hawafiki kwenye kuleta kahawa. Mtu anauza leo, anazinunua tena loti zake kabla mwezi haujafika, na tofauti ya bei inalipwa kwa fedha taslimu. Hakuna mahali anapoulizwa kama ana gunia hata moja.

Kwa hiyo swali linaamuliwa na kile alichonacho mtu nje ya mkataba. Twende kwenye ghala lenu. Sijui vitabu vyenu, basi nitatumia hesabu ya mfano iliyo karibu na kazi yenu, nawe utaweka namba zako.

Tuseme mwezi Oktoba bosi amenunua mnadani kahawa safi ya kujaza kontena nane, kila kontena magunia 320 ya kilo 60. Amelipa dola 320 kwa kilo 50, yaani karibu senti 290 kwa ratili. Kontena nane ni kilo 153,600, karibu ratili 338,600. Gawa kwa 37,500 utapata loti tisa na ziada ndogo sana. Siku hiyo fyucha ya Machi iko senti 300. Mnunuzi wa Hamburg amekubali kulipa "Machi pamoja na senti 10". Maana yake bei kamili bado haijulikani: mnunuzi atachagua siku ya kufunga bei huko mbele, na siku hiyo itachukuliwa fyucha ya Machi ilivyo, iongezwe senti 10. Wewe unayeandika vitabu unajua mlichonunulia, lakini mtakachouzia hakuna anayekijua.

Bosi akikaa hivyohivyo, kila senti inayoshuka New York inamtoa dola 3,375 mfukoni. Ndiyo maana siku ileile aliyonunua kahawa aliuza loti tisa za Machi kwa senti 300. Tazama kinachotokea baada ya hapo.

Tuseme bei imeshuka hadi 250 na mnunuzi amefunga hapo. Mtalipwa senti 260 kwa kahawa mliyoinunua 290. Kwenye kahawa mmepoteza senti 30 kwa kila ratili. Lakini loti mlizouza kwa 300 mnazinunua tena kwa 250 na kupata senti 50. Jumlisha: mmebaki na senti 20 kwa ratili, ambazo kwa loti tisa ni dola 67,500. Hapo ndipo mtalipia magunia, lori, bandari na riba ya benki, na kitakachobaki ndiyo faida ya kazi yenu.

Sasa tuseme bei imepanda hadi 370, jambo ambalo naona ndilo lililowapata. Mnunuzi akifunga hapo mtalipwa 380. Kahawa imewapa senti 90. Loti mnazinunua tena kwa 370 na kupoteza senti 70, ambazo kwa loti tisa ni dola 236,250. Toa 70 kwenye 90: senti 20 zilezile, dola 67,500 zilezile. Hiyo "hasara ya dola laki mbili" kwenye taarifa ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili imelala ghalani kwenye magunia, na dalali haioni.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka ripoti kwa wakurugenzi, chukua karatasi moja na uweke safu tatu: kahawa iliyopo ambayo bei yake haijafungwa, loti zilizouzwa, na jumla. Kisha jiulize jambo moja: bei ikisogea senti 10 kesho, juu au chini, kampuni nzima inabadilika kwa kiasi gani? Kama jibu liko karibu na sifuri, bosi anajikinga. Kama jibu ni dola elfu thelathini na tatu na zaidi upande mmoja, kuna mtu anabahatisha, awe amekusudia au hakukusudia.

Ukiitumia karatasi hiyo utaona jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwenye ghala lililojaa kahawa isiyofungwa bei, asiyegusa fyucha hata moja kwa kuogopa "kamari ya New York", ndiye aliyeshika dau kubwa la bei. Jumla yake si sifuri. Ameamua, bila kusema, kwamba bei haitashuka. Na bosi wako akiuza loti tano tu badala ya tisa kwa sababu "naona bei bado itapanda", ana loti tano za kinga na loti nne za ubashiri. Uamuzi huo unaweza kuwa na sababu zake, lakini katika vitabu uitwe kwa jina lake.

Mdogo wako naye, tuseme aliuza loti moja ya Machi kwa senti 300 saa ileile na bosi wako. Tiketi zao zinafanana isipokuwa idadi. Bei ilipofika 370, amepoteza dola 26,250, na hana magunia popote yaliyopanda thamani kumfidia. Bei ingeshuka hadi 250 angepata dola 18,750 kwa kubashiri sawasawa. Kwake mkataba umeleta hatari ambayo hakuwa nayo asubuhi. Kwa bosi wako umeondoa hatari aliyokuwa nayo tangu mnadani.

Lakini msimdharau mapema. Siku bosi alipouza loti tisa, lazima mtu azinunue. Mkaangaji kahawa wa Ulaya au Marekani, anayeogopa bei kupanda, ndiye mwenzake wa asili, ila huenda yeye hatahitaji kujikinga hadi Januari. Wasafirishaji huuza wakati wa mavuno, wakaangaji hununua kidogokidogo mwaka mzima. Katikati ya Oktoba na Januari lazima awepo mtu asiye na kahawa wala kinu cha kukaangia, aliye tayari kubeba hatari hiyo kwa matumaini ya faida. Akikosekana, bosi wako angeuza kwa senti chache zaidi chini ya 300 ili kumvutia mnunuzi, na senti hizo zingerudi mnadani zikamkute mkulima.

Hata wasimamizi wa soko hutenganisha makundi haya kwa kutazama biashara ya mtu nje ya soko. Tume ya Marekani ya kusimamia fyucha, CFTC, hutoa kila Ijumaa ripoti ya hali ilivyokuwa Jumanne, ikionyesha wazalishaji na wafanyabiashara wa kahawa wameshika loti ngapi, na mifuko ya fedha ya wawekezaji imeshika ngapi. Na anayetaka kuvuka kikomo cha loti kilichowekwa hupewa nafuu iwapo anathibitisha kwamba anakinga mali halisi.

Sasa nikueleze mahali ambapo kinga hugeuka ubashiri bila mtu kununua wala kuuza kwa tamaa. Hili nimelishuhudia kwenye kampuni niliyofanyia kazi zamani, na bado linaniuma.

Fyucha hulipwa kila siku. Bei ikipanda senti 5 leo, usiku huohuo akaunti yenu kwa dalali inakatwa dola 16,875 kwa loti tisa, na salio likishuka chini ya kiwango cha dhamana, yaani fedha mnazoweka kwa dalali kufunika hasara, dalali anadai mwongeze fedha mara moja. Kahawa iliyopanda thamani ghalani hailipi kila siku. Italipa siku kontena limepakiwa, hati zimefika na mnunuzi ametuma fedha. Kutoka 300 hadi 370 bosi wako amehitaji kutoa dola 236,250 taslimu kabla kahawa haijampa hata senti. Kinga ni kamili kwenye karatasi, na kampuni inaweza kufilisika ikiwa ndani ya kinga hiyo.

Pale kwetu simu ya dalali ilikuja asubuhi tatu mfululizo. Benki ilikuwa imetupa mkopo wa kununulia kahawa, lakini haikuwa imekubali kukopesha dhamana. Siku ya tatu mkurugenzi alisema, "Nunua zote, tutoke." Tukazinunua tena loti zetu juu kabisa. Kila mtu ofisini akashusha pumzi, kana kwamba hatari imeondoka. Ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, maana kahawa ilikuwa bado ghalani na sasa haina kinga. Wiki chache baadaye bei ikarudi chini na mnunuzi akafunga huko.

Iweke kwenye mfano wetu uone ukubwa wake. Loti zimenunuliwa tena kwa 370, hasara ya senti 70 imeshalipwa na haitarudi. Kisha bei inashuka hadi 310 na mnunuzi anafunga hapo. Kahawa inalipwa 320, faida ni senti 30. Jumla ni hasara ya senti 40 kwa ratili, dola 135,000, kwa kampuni ambayo ingekuwa na dola 67,500 bila kubashiri chochote. Kwa hiyo swali la kumuuliza bosi wako mwezi huu ni kama benki imekubali kwa maandishi kugharamia dhamana, na hadi senti ngapi. Mimi ningepima uwezo wetu kwa kupanda kwa senti 100. Kati ya Desemba 2024 na Februari 2025 New York ilivunja rekodi ya 1977 na kupita dola 4 kwa ratili, na wasafirishaji waliokuwa wameuza fyucha kihalali kabisa, wakiwa na kahawa yao, walibanwa na madai ya dhamana.

Kisa kikubwa cha aina hii barani mwetu ni cha dhahabu, na kina mkia uliofika Geita. Kampuni ya Ashanti Goldfields ya Ghana ilikuwa ikijikinga dhidi ya kushuka kwa bei kwa kuuza mbele dhahabu ambayo ingechimbwa miaka ya usoni. Mwaka 1999, Benki Kuu ya Uingereza ilipotangaza kuuza dhahabu yake na bei ikaanguka, kinga hiyo iliwafaa. Lakini ndani ya kitabu chao cha kinga kulikuwa pia na mikataba ya haki ya kununua, ambayo Ashanti ndiyo iliyoiuza. Ukimuuzia mtu haki ya kununua dhahabu yako kwa bei fulani, anakulipa ada leo. Bei ikianguka, ada hiyo ndiyo yote unayoipata kwenye mkataba huo, ni kinga nyembamba. Bei ikiruka, hasara yote ya mkataba huo unaibeba wewe mwenyewe. Mchimbaji anayeuza haki hizo kwa dhahabu anayoichimba ana angalau mali ya kusimamia, lakini sehemu ile haimkingi na anguko. Inampa ada kwa kubashiri kwamba bei haitapaa.

Tarehe 26 Septemba 1999 benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza kwamba zitaweka kikomo kwenye mauzo yao ya dhahabu. Ndani ya siku kumi hivi wakia moja ilipanda kwa zaidi ya dola 60. Dhahabu ya Ashanti iliyokuwa chini ya ardhi nayo ilipanda thamani, sawasawa na magunia yenu. Lakini ardhi hailipi dhamana. Mabenki waliofanya nao mikataba walidai mamia ya mamilioni ya dola, na Ashanti haikuwa nayo. Mwisho walikubali kutodai dhamana kwa miaka mitatu, wakapewa badala yake haki ya kununua hisa zinazofikia asilimia 15 ya kampuni. Ili kupata fedha, Ashanti iliuza nusu ya mgodi wake mpya wa Geita kwa AngloGold mwaka 2000. Miaka minne baadaye kampuni hizo mbili ziliungana.

Kuna mipaka mingine miwili ambayo karatasi yako ya safu tatu haitaionyesha peke yake. Wa kwanza ni ile "pamoja na senti 10". Fyucha inakinga bei ya New York, haikingi tofauti kati ya New York na kahawa yenu. Kama kahawa imeshauzwa Hamburg kwa tofauti iliyokubaliwa, mko salama. Kama bado haijapata mnunuzi, basi tofauti hiyo iko wazi. Baridi kali ikiunguza mibuni ya Brazil, kama ilivyotokea Julai 2021, New York inaweza kuruka huku wanunuzi wakiwaambia kahawa yenu hawaipi nyongeza kama ya zamani. Mtapoteza 70 kwenye fyucha na kupata 60 kwenye kahawa. Hatari hii ni ndogo kuliko ile mliyoiondoa, lakini ipo, na iandikwe mstari wake. Kwa sababu hiyohiyo, kahawa ya robusta ya Kagera isikingwe New York. Mkataba wake uko London, loti ni tani 10 na bei hutajwa kwa dola kwa tani. Wa pili ni shilingi. Mkataba wote uko kwenye dola, kwa hiyo mliyokopa na kulipa kwa shilingi hayamo ndani ya kinga hii.

Upande wa vitabu, kanuni za kimataifa za uhasibu za IFRS 9 zinakutaka uandike siku ileile kinga inapoanza: kahawa ipi, kontena ngapi, loti ngapi za mwezi gani, na namna mtakavyopima kama vitu hivyo viwili vinasogea pamoja. Ukisubiri hadi mwisho wa mwaka, faida na hasara za fyucha zitaingia moja kwa moja kwenye mapato ya mwaka huu wakati kahawa inasubiri mwaka ujao, na wakurugenzi wataona hasara isiyo na mwenzake. Hati hiyo haihitaji kurasa nyingi. Na inasaidia jambo jingine: inamfunga bosi mwenyewe. Akiwa ameandika kwamba loti tisa zitanunuliwa tena siku mnunuzi wa Hamburg anapofunga bei, si kabla wala baada, basi akitaka kuzinunua Jumanne kwa sababu amesikia kuna mvua São Paulo, utakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Kuhusu mdogo wako, mwombe akuonyeshe jina la mkataba kwenye simu yake. Dhamana ya loti moja ya kweli ya KC ni maelfu ya dola. Kama aliingia na dola mia mbili, huenda hajawahi kushika fyucha ya New York hata siku moja. Ameshika ahadi ya kampuni ya programu ile, inayofuata bei ya New York, na anayepokea anapopoteza anaweza kuwa kampuni yenyewe. Hapo karatasi zao si moja tena. Na kama ni KC ya kweli, muulize alipanga kutoka akipoteza senti ngapi. Bosi wako ana magunia 2,560 yanayomjibia swali hilo. Yeye hana, kwa hiyo lazima awe na namba hiyo kabla hajabonyeza.